Ulimi Uliofungwa: Mtoto Mchanga, Titi na Mkasi

Mtoto mchanga akishindwa kunyonya, wa kwanza kulaumiwa huwa ni mama. Ataambiwa hana maziwa, au maziwa yake ni mepesi, au hali chakula cha kutosha. Siku hizi lawama imeanza kuhamia kwenye kinywa cha mtoto. Mtu anamfunua mdomo, anaona utando chini ya ulimi, anatamka kwamba ulimi umefungwa na ukatwe. Mara nyingine anakuwa amesema kweli. Mara nyingi amesema mapema mno, kwa sababu ameangalia ulimi na hajamwangalia mtoto akiwa kwenye titi.

Nitaeleza habari za mtoto mmoja, nikiacha jina lake na la mama yake. Alizaliwa kwa wakati wake, njia ya kawaida, akiwa na uzito wa gramu 3,200. Alilia, akawekwa kifuani, akanyonya saa ya kwanza. Siku ya pili waliruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya 11 mama alirudi naye, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Mtoto alikuwa na gramu 2,910.

Hesabu hiyo inahitaji maelezo. Kila mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, na kupungua hadi asilimia 7 si jambo la kutisha. Ikifika asilimia 10 lazima tukae chini tuulize kulikoni. Kuanzia siku ya 4 au ya 5 mtoto anatakiwa aanze kupanda, na kati ya siku ya 10 na ya 14 awe ameurudia uzito aliozaliwa nao. Huyu siku ya 11 alikuwa bado ana upungufu wa gramu 290, yaani asilimia 9. Alikuwa analowanisha nepi 3 kwa siku, wakati mtoto wa umri wake hulowanisha 6 au zaidi, na choo chake kilikuwa kidogo, cha kijani, badala ya kile cha njano kilicholegea ambacho akina mama hapa wanakijua vizuri. Alinyonya dakika 50, akasinzia, akaamka baada ya muda mfupi akilia tena. Chuchu za mama zilikuwa zimepasuka zote mbili. Mtoto alipoachia titi, chuchu ilitoka imebanwa mshazari, upande mmoja umepanda na mwingine umelala, na mstari mweupe umepita katikati. Mstari ule ni mahali damu ilipozuiwa na ufizi. Chuchu iliyonyonywa vizuri hutoka imerefuka kidogo, lakini mviringo wake uko palepale.

Nyumbani mama mkwe, ambaye alikuwa na nia njema kabisa, alikuwa ameshauri mtoto akatwe kimeo. Nitalirudia jambo hilo.

Kabla ya kumfunua mtoto mdomo tulihakikisha kwanza kwamba si mgonjwa. Naomba jambo hili lishikwe, maana ndipo watoto wanapopotea. Ulimi uliofungwa mtoto huzaliwa nao, kwa hiyo shida yake huanza siku ya kwanza. Mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri wiki nzima, kisha ghafla akaacha, akalegea, akawa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, tatizo lake si ulimi. Anaweza kuwa na maambukizi kwenye damu, na anahitaji hospitali saa ileile. Vivyo hivyo mtoto anayetoka jasho na kuhema sana kila anaponyonya hukaguliwa moyo. Aliyekuwa wa njano na mwenye usingizi mzito hupimwa manjano. Anayetokwa na maziwa puani huangaliwa kaakaa, juu, hadi nyuma kabisa, maana kaakaa lililopasuka nyuma peke yake ni rahisi kupitwa. Mtoto wetu hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa mchangamfu, mwenye njaa.

Sasa tuje kwenye ulimi wenyewe. Chini ya ulimi wa kila mtu mzima aliyeko ukumbini humu kuna utando unaosimama pale ulimi unapoinuliwa. Wengi huuita kamba, na kwa muda mrefu hata vitabu vya tiba viliuchora kama kamba. Mwaka 2019 Nikki Mills na wenzake wa Auckland, New Zealand, walichapisha matokeo ya kupasua na kuchunguza eneo hilo tabaka kwa tabaka, na walichokiona si kamba iliyojitenga. Sakafu yote ya kinywa imetandazwa tishu nyembamba inayoshikilia ulimi mahali pake, kutoka upande mmoja wa taya hadi mwingine. Ulimi ukiinuka, katikati ya tishu ile hujikunja ukasimama mkunjo, nao ngozi laini ya kinywa imeufunika. Huo mkunjo ndio tunaouona. Kwa hiyo kuuona utando si kuuona ugonjwa. Wanatofautiana watu kwa urefu wake, unene wake, na mahali unaposhikia, kama wanavyotofautiana kwa kila kiungo kingine. Tunasema ulimi umefungwa pale tu utando unapokuwa mfupi au mgumu au umeshika mbele mno kiasi kwamba ulimi haufanyi kazi yake. Wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake, na mara nyingi ukiuliza utasikia kwamba baba au mjomba naye alikuwa hivyohivyo.

Kazi ya ulimi kwenye titi ni ipi? Wengi hudhani mtoto hubana chuchu ili kukamua. Picha za mawimbi ya sauti zilizopigwa wakati watoto wananyonya, hasa zile za Donna Geddes na wenzake wa Australia Magharibi, zimeonyesha vinginevyo. Mtoto hufungua mdomo kwa upana, ulimi hutangulia mbele ukavuka ufizi wa chini, kingo zake zikainuka kulikumbatia titi, na chuchu ikavutwa nyuma hadi karibu na pale kaakaa gumu linapokutana na kaakaa laini. Hapo ulimi na taya hushuka. Vikishuka, mvuto hutokea ndani ya kinywa kilichofungika, na maziwa humiminika. Ulimi hupanda, mtoto humeza, mzunguko unaanza upya. Ulimi usioweza kutangulia mbele hauwezi kuukinga ufizi wa chini, kwa hiyo ufizi unaiuma chuchu. Ulimi usioweza kuinuka kingo hauwezi kuziba, kwa hiyo hewa inapenya, mvuto unakatika, na wewe uliyekaa karibu unasikia mlio mdogo wa kudata kila mtoto anapovuta. Huo mlio, chuchu iliyobanwa, mtoto anayeteleza na kuachia kila mara, na uzito usiopanda, vyote vinatoka kwenye chanzo kimoja.

Kuukagua ulimi kunahitaji mwanga mzuri na mikono miwili. Mlaze mtoto mapajani mwako au kitandani, kichwa chake kikiwa upande wako na miguu upande wa mama, ili utazame kinywa kutoka juu. Nawa, vaa glavu. Pitisha vidole viwili vya shahada chini ya ulimi, kimoja kulia, kimoja kushoto, uuinue polepole kuelekea kaakaa. Usipouinua hutaona kitu, na anayemkagua mtoto kwa kumchungulia tu wakati amefumba mdomo nusu hajamkagua.

Tazama ncha kwanza. Ulimi huru ukiinuliwa hubaki mviringo au mraba kidogo mbele. Ukiwa umeshikwa karibu na ncha, katikati hubaki chini wakati pande mbili zinapanda, na ncha hujikunja ikawa na umbo la kopa. Umbo hilo ndilo watu hulikumbuka, na kweli ni dalili nzuri, ila kuna ulimi usio na kopa ambao bado umefungwa, kwa sababu utando umeshika nyuma zaidi na ni mgumu. Kisha tazama utando unaanzia wapi juu na unaishia wapi chini. Juu unaweza kushika kwenye ncha yenyewe au nyuma yake. Chini unaweza kushuka hadi kwenye sakafu ya kinywa, au ukaishia upande wa ndani wa ufizi, au ukapanda hadi juu ya ufizi, na huu wa mwisho ndio mbaya zaidi. Pima urefu kwa jicho ulimi ukiwa juu. Kipimo alichokitunga Alison Hazelbaker mwaka 1993, ambacho bado kinatumika, huchukua sentimita 1 kuwa mpaka: zaidi ya hapo ni vizuri, chini ya hapo ni mfupi. Sukuma utando taratibu kwa ncha ya kidole uone kama unavutika au umekaza.

Baada ya kutazama, mwache mtoto afanye mwenyewe. Mtoto akilia, mdomo ukiwa wazi, ulimi wake unafika wapi? Ulimi huru hupanda hadi katikati ya kinywa wote kwa pamoja. Ulioshikwa hupandisha kingo tu, au haupandi kabisa. Mguse mdomo wa chini kwa kidole: ulimi unatoka ukavuka mdomo, unaishia juu ya ufizi, au unabaki nyuma ya ufizi? Mwisho mpe kidole anyonye, upande laini wa kidole ukielekea kaakaa, usikie kama ulimi unakizunguka au ni ufizi tu unaotafuna.

Kwa vituo vyetu vyenye foleni ndefu napendelea kipimo cha Bristol, kilichochapishwa mwaka 2015 na Jenny Ingram na wenzake wa Uingereza, kwa sababu kina maswali 4 tu: ncha, mahali utando unaposhika chini, kuinuka na kutoka nje. Kila swali lina alama 0, 1 au 2, kwa hiyo jumla ya juu ni 8. Kuanzia 0 hadi 3 ulimi umepungukiwa sana kazi. Mtoto wetu alipata 0 kwenye ncha, kwani kopa lilikuwa dhahiri. 1 kwenye kushika, kwa kuwa utando uliishia upande wa ndani wa ufizi. 1 kwenye kuinuka, kingo peke yake zilipanda. Na 0 kwenye kutoka nje. Jumla 2.

Wengi wangeshika mkasi hapo. Sisi tulimrudisha kwenye titi.

Alama ni za ulimi, na ulimi haunyonyi peke yake. Nimeona watoto wenye alama za chini ambao wananyonya bila maumivu kwa mama na wanaongezeka gramu 30 kwa siku. Titi la mama ni laini, maziwa ni mengi, mtoto amepata njia yake. Hao hawaguswi. Kwa upande wa pili wako watoto wengi zaidi wenye ulimi wa kawaida ambao chuchu za mama zao zimepasuka kwa sababu ya upakatishaji tu. Kwa hiyo kila mara tunarekebisha kwanza upakatishaji na jinsi titi linavyowekwa kinywani. Mwili wa mtoto uelekezwe wote kwa mama, si shingo imepinda. Pua ikabili chuchu. Mdomo usubiriwe hadi ufunguke kabisa. Kisha mtoto aletwe kwenye titi, si titi kusukumwa kwa mtoto. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umegeuka nje, na weusi unaoizunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini. Mama anayeegemea nyuma, mtoto amelala kifudifudi kifuani pake, mara nyingi humsaidia mtoto mwenye ulimi mfupi, maana uzito wake mwenyewe humwingiza ndani ya titi.

Mama wetu alisema maumivu yamepungua, lakini mlio uliendelea na mtoto aliachia titi mara kwa mara. Tukampima kwenye mizani ya elektroniki kabla ya kunyonya na baada yake, akiwa na nepi ileile na nguo zilezile. Baada ya dakika 40 alikuwa ameongezeka gramu 20. Mtoto wa uzito wake huhitaji kiasi cha mililita 150 kwa kila kilo kwa siku nzima, yaani takribani mililita 435, na akinyonya mara 8 ni mililita 54 kila mara. Alikuwa anapata chini ya nusu, na anaifanyia kazi ya kumchosha.

Kwa siku mbili zilizofuata mama alimnyonyesha kwa muda usiozidi nusu saa, kisha akakamua kwa mkono na kumpa yale maziwa kwa kikombe kidogo. Kukamua kulifanya kazi mbili: mtoto alishiba, na titi halikuanza kupunguza maziwa. Titi lisilotolewa maziwa hupunguza kutengeneza, na ulimi ukiachwa hivyo wiki 3 au 4, lile neno la kwamba mama hana maziwa hugeuka kuwa kweli. Siku ya 13 mtoto alikuwa na gramu 2,970. Amepanda gramu 60 kwa siku mbili kwa maziwa ya mama yake mwenyewe. Maziwa yalikuwepo, tumbo la mtoto lilikuwa zima, kasoro ilikuwa kati ya titi na koo. Hapo ndipo tulipozungumza na wazazi wote wawili juu ya kukata.

Kuna maswali mawili ambayo hayarukwi. La kwanza ni damu: je, mtoto alichomwa vitamini K alipozaliwa, na je, kuna mtu katika ukoo wa mama au wa baba ambaye akijikata au akitahiriwa damu haikatiki? Jibu likitia shaka, mkasi unawekwa chini hadi damu ipimwe. La pili ni taya: mtoto mwenye taya dogo sana la chini, ambaye ulimi humrudia nyuma akakoroma au akakosa hewa, hakatwi, kwa kuwa huenda utando ule ndio unaouzuia ulimi usianguke kooni.

Kukata kwenyewe ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliyefunzwa. Mtoto hufungwa kwenye kanga au shuka mikono ikiwa ndani, na msaidizi hukishika kichwa kisitikisike. Mtoto wa siku chache hahitaji dawa ya usingizi. Matone ya maziwa ya mama au ya maji ya sukari yaliyoandaliwa hospitali humtuliza kidogo, na titi la baada yake ndilo dawa kubwa. Dawa ya ganzi ya kupaka iitwayo benzokeini haitumiwi kwa watoto wadogo, kwani inaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Mkataji huinua ulimi kwa vidole viwili au kwa kifaa cha chuma chenye mpasuo katikati, utando ukapita kwenye ule mpasuo na ulimi ukabaki salama juu yake. Kisha hukata kwa mkasi uliosafishwa kwa mvuke, wenye ncha butu, mahali utando ulipo mwembamba, karibu na ulimi kuliko sakafu ya kinywa, kwa milimita chache. Huko chini, kulia na kushoto mwa utando, ndiko matundu ya mifereji ya mate yalipo. Yakikatwa hufunga kwa kovu na mate yakajaa uvimbe. Na upande wa juu, matawi ya neva inayoupa ulimi hisia hupita karibu kabisa na uso wa chini wa ulimi, kama uchunguzi ule wa Auckland ulivyoonyesha. Ndiyo maana anayekata kwa kina kirefu ili aachie kila kitu anahatarisha hisia za ulimi kwa faida isiyojulikana.

Utando ukiachia, kidonda hufunguka kikawa na pembe nne. Matone machache ya damu hutoka. Shashi safi hukandamizwa pale dakika moja au mbili, kisha mtoto hupewa titi papo hapo, na kunyonya kwenyewe huibana damu. Damu ikiendelea baada ya kukandamizwa dakika 10 mfululizo, hiyo si kawaida, na mtoto haondoki. Ndiyo sababu kazi hii isifanywe mahali ambapo hakuna mtu wa kuizuia damu ikigoma.

Kesho yake mama ataona doa jeupe au la njano chini ya ulimi. Hilo si usaha, ni kidonda cha kinywani kinavyopona, na katika wiki moja au mbili huwa kimekwisha. Hakipakwi asali, chumvi wala dawa ya unga. Kuna wanaofundisha kukisugua kidonda kwa kidole mara kadhaa kwa siku ili kisishikane tena. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kunasaidia, na nimeona watoto waliofanyiwa hivyo wakianza kukataa kitu chochote kinachokaribia mdomo wao, titi likiwemo. Mionzi ya leza nayo, ambayo hulipiwa fedha nyingi, haijaonyeshwa kuwa bora kuliko mkasi. Na utando wa mdomo wa juu, unaokatwa siku hizi pamoja na wa ulimi katika baadhi ya nchi, uacheni. Kila mtoto anao.

Mtoto wetu alikatwa, akapewa titi dakika ile ile. Chuchu ilitoka mviringo, ingawa mlio haukuisha siku hiyo. Ulimi uliozoea njia moja tangu tumboni haujifunzi nyingine mara moja. Siku ya 20 alikuwa na gramu 3,190. Siku ya 27 alikuwa na 3,400, na mama alikuwa ameacha kukamua.

Kisa hiki kilikwenda vizuri, lakini kisa kimoja hakithibitishi tiba, na nisingependa mtoke hapa mkidhani kwamba kila mtoto atapona hivyo. Mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 5 yenye watoto 302. Yalionyesha kwamba kukata hupunguza maumivu ya chuchu kwa muda mfupi; kuhusu kunyonya kwenyewe, matokeo hayakulingana. Uingereza walianza jaribio kubwa lililokusudiwa kuandikisha watoto 870. Waliishia 169, na matokeo yalichapishwa mwaka 2023: asilimia 88 ya watoto wa kundi la kukatwa, na asilimia 86 ya wale wa kundi la msaada wa unyonyeshaji peke yake, walikuwa bado wanapata maziwa ya mama wakiwa na miezi 3, tofauti isiyo na uzito. Tahadhari ni kwamba watoto wengi wa kundi la pili, asilimia 73, nao walikuja kukatwa baadaye kwa matakwa ya wazazi, kwa hiyo jaribio halikuweza kutoa jibu. Ninavyosoma mimi ushahidi huo, kukata kuna nafasi yake kwa mtoto mwenye ulimi uliofungwa kweli, ambaye msaada mzuri wa kunyonya umejaribiwa na haukutosha. Nje ya hapo ni kumuumiza bure.

Sasa kimeo, kama nilivyoahidi. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa, juu ya koo. Hakina uhusiano wowote na utando wa chini ya ulimi, na kukikata hakumsaidii mtoto kunyonya, wala hakuponyi kikohozi wala kutapika. Kinachofanywa mitaani, kwa wembe au waya, kimewaletea watoto kuvuja damu hadi kufa, pepopunda na maambukizi ya koo. Mama mkwe wa kisa chetu aliposhikishwa tochi akaonyeshwa vitu vile viwili, kimoja huku mbele na kingine kule nyuma, alielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengine. Watu wazima wa nyumbani tusiwapuuze, tuwaonyeshe.

Na swali ninaloulizwa kila mahali: asipokatwa, atachelewa kusema? Mtoto anayechelewa kusema hupimwa masikio kwanza, kisha hutazamwa anavyoelewa na anavyocheza na wenzake. Ulimi uliofungwa hauzuii mtoto kuanza kusema. Unaweza kutatiza matamshi ya sauti chache zinazohitaji ncha kupanda, na hilo huangaliwa akiwa mkubwa kidogo, anapotamka, si akiwa na siku 11. Hakuna ushahidi kwamba kumkata mchanga humkinga na shida ya kusema.

Ombi langu kwa wauguzi na wakunga ni moja: msimwandikie mtoto rufaa ya kukatwa ulimi kabla hamjakaa na mama yake wakati mtoto ananyonya, kuanzia anaposhika titi hadi anapoachia, mkaitazama chuchu inavyotoka. Andikeni kwenye kadi mlichokiona pamoja na uzito. Na wewe mama, ikiwa mtoto wako amefika siku ya 5 na halowanishi nepi 6, au chuchu zako zinatoka zimebanwa na zimepasuka, au siku ya 14 imefika na hajaurudia uzito aliozaliwa nao, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke leo, na umwombe anayempokea akutazame ukinyonyesha.